Bibi wa Baba Aline na mfuko wa risiti

Jumamosi moja ya Februari 2026, kwenye chumba cha chini cha maktaba hapa Louisville, Kentucky, mwanamume mmoja aliketi mbele yangu akaweka mezani mfuko wa rambo uliovimba. Ndani mlikuwa na risiti za mwaka mzima. Mimi si mhasibu. Ni mkalimani wa kujitolea kwenye VITA, mpango wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, unaowajazia watu bure fomu za kodi kama kipato chao si kikubwa. Mjaza fomu alikuwa kulia kwangu na kompyuta yake, mgeni kushoto, mimi katikati nikirusha maneno huku na huku. Mgeni nitamwita Baba Aline. Si jina lake, na ameniruhusu kuyasimulia haya.

Swali la kwanza la maana kwenye fomu 1040, ile kuu ya kodi ya mapato, ni "Filing Status". Nikamuuliza, "Ndugu, hali yako ya ndoa ikoje?"

"Hapa niko na mtoto yangu Aline. Bibi iko kule Nyarugusu, namutumiaka franga kila mwezi."

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwangu bibi ni mama yake mama, mwenye khanga mbili na kikohozi cha asubuhi. Nikatafsiri bila wasiwasi: anaishi na binti yake, na anamsaidia bibi yake mzaa mama au mzaa baba aliye kambini Kigoma. Mjaza fomu akabofya "Single", asiye na mwenza, tukaendelea. Zikapita kama dakika kumi. Tulipofika kwenye wategemezi, Baba Aline akasema ana mtoto mwingine, yuko kambini, na kwamba bibi alimzaa mwaka 2022.

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikauliza, "Bibi yupi aliyezaa?"

"Bibi yangu, dada. Mama ya batoto."

Kwa mtu wa Uvira, kule Kongo, bibi ni mke. Nilijua hilo kwa akili, nimelisikia miaka, lakini sikio langu la Tanga lilikuwa limenitangulia. Nikamgeukia mjaza fomu na kumwomba arudi ukurasa wa kwanza. Kumbe kosa lile lile lilikuwa limeshafanyika mwaka mmoja kabla, na mtu asiye na kisingizio cha lahaja. Baba Aline alikuwa amebeba nakala ya fomu yake ya mwaka wa kodi 2024, iliyojazwa na mtu aliyemlipa. Huko nako: "Single". Nilipomuuliza ilikuwaje, akasema yule mtu alimuuliza, "Mkeo yuko hapa?" naye akajibu kweli, "Hapa, hapana."

Hapa ndipo tafsiri inapogharimu pesa. "Filing Status" wengi wetu tunaitafsiri kama "hali ya ndoa", na nusu yake ni kweli. Fomu inataka kujua kama umeoa au umeolewa kisheria kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka unaojaziwa. Haiulizi mwenzio analala wapi. Mke aliye Kigoma, Mombasa au Maskati ni mke, na mwenye mke hawezi kujaza "Single". Baba Aline alikuwa na cheti cha ndoa, na ombi lake la kumleta mkewe lilikuwa limeshawasilishwa serikalini. Yaani karatasi moja ya serikali ilisema ana mke, nyingine ikasema hana. Afisa wa uhamiaji akiziweka pamoja, utaeleza mpaka koo likauke.

Lakini "hali ya ndoa" inapotosha kwa upande mwingine, maana moja ya majibu yenyewe si hali ya ndoa. Ni "Head of household". Kamusi itakupa "mkuu wa kaya", na ndivyo nilivyosema. Baba Aline akatikisa kichwa. "Hapana dada, mkuu wa kaya ni bibi. Kadi ya chakula iko kwa jina yake."

Na alikuwa sahihi kabisa, kwa lugha ya kambi. Aliyeishi kwa mgao anamjua mkuu wa kaya: ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi. Alipoondoka yeye, mkewe akawa mkuu wa kaya. Kwenye kodi ya Marekani neno hilo halihusu nani ana sauti nyumbani, wala nani ni mwanamume. Linamhusu mtu anayehesabiwa kuwa hana mwenza, anayeishi na mtoto au tegemezi anayestahili zaidi ya nusu mwaka, na aliyelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba hiyo: kodi ya pango, umeme, chakula cha ndani. Sasa ninaposema nasema "mzazi anayebeba nyumba peke yake". Ni ndefu, ila haimpeleki mtu kwenye foleni ya unga.

Sasa, anawezaje mtu mwenye mke kuhesabiwa kuwa hana mwenza? Sheria inao mlango huo kwa hali kama yake. Kama mwenza wako, wakati wowote wa mwaka, si mkazi wa Marekani kwa macho ya kodi, na hukuchagua kumhesabu kama mkazi, basi kwa ajili ya kundi hili tu unahesabiwa kama huna mwenza, ilimradi una mtoto unayeishi naye. Mke mwenyewe hakufanyi kuwa "Head of household". Mtoto ndiye anayekufanya. Aline ana miaka 12, anaishi na babake mwaka mzima, na kodi ya nyumba inalipwa na mshahara mmoja. Asingekuwa na Aline hapa, angebaki na "Married filing separately", aliyeoa anayejaza peke yake, kundi ambalo kwa kawaida ndilo baya kuliko yote.

Kulikuwa na njia ya tatu, na mjaza fomu aliitaja kwa uaminifu: kumhesabu mke kama mkazi na kujaza pamoja. Punguzo la pamoja ndilo kubwa kupita yote. Lakini wote wawili wanatakiwa kusaini tamko, mapato ya mke popote duniani yanaingia kwenye hesabu, na mke anahitaji namba ya mlipakodi, ile ITIN, inayoombwa kwa fomu W-7 pamoja na pasipoti halisi au nakala iliyothibitishwa na aliyeitoa. Mkimbizi aliye Nyarugusu bila pasipoti, hiyo kwake ni milima. Tukaiacha.

Tofauti kwa namba: kwa mwaka wa kodi 2025, punguzo la kawaida, yaani kiasi cha pato ambacho serikali haikigusi, ni dola 15,750 kwa asiye na mwenza na kwa aliyeoa anayejaza peke yake. Kwa mzazi anayebeba nyumba peke yake ni dola 23,625. Wanaojaza pamoja ni 31,500. Kwa Baba Aline, neno moja la ukurasa wa kwanza lilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 900. Ile fomu ya 2024 nayo ilihitaji kusahihishwa kwa fomu 1040-X, na kwa kawaida una miaka 3 ya kudai kilicho chako, kwa hiyo tuliipangia siku yake. Nilipofika ukurasa wa mwisho wa fomu ile niliona pale pa kusaini mjazaji aliyelipwa ni peupe. Anayelipwa kujaza fomu ya mtu anatakiwa kuweka saini yake na PTIN, namba anayopewa na IRS kwa kazi hiyo. Akikwambia "we saini tu, mimi sihitaji", chukua karatasi zako uondoke.

Ndipo tukaufungua mfuko.

Risiti zilikuwa nyingi mno, zimekunjwa, zimesagika, nyingine zimegandamana na pipi. Baba Aline aliishi Tanzania miaka mingi, na pale Kasulu aliuona na kuusikia ule wito wa TRA: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Akadai. Ila wito ule unamlenga zaidi muuzaji. Risiti ya EFD inaisaidia TRA kumbana mwenye duka. Wakishafika nayo nyumbani wengi huitupa. Huku risiti ina kazi tofauti. Inakusubiri wewe, siku utakapoulizwa, "Ulisema ulitumia hizi kwa biashara. Onyesha."

Na alikuwa na imani moja iliyomfanya adai mpaka risiti ya ndizi. Rafiki yake wa kazini alimwambia kwamba vitu vingi ni "deductible", na akamfasiria: vinarudishwa. Kwa hiyo akahifadhi kila kitu akitegemea kwamba Februari serikali itamrudishia.

Neno hili limenisumbua kuliko yote katika miaka minne ya ukalimani, kwa sababu mgeni hukutana nalo mara tatu kabla hajazoea baridi. Kwanza kwenye karatasi ya mshahara, ambako "deductions" ni makato kama tunavyoyajua: kodi, bima, hifadhi ya jamii, pesa zilizotoka kwako kabla hazijafika mkononi. Pili kwenye kadi ya bima ya afya, ambako "deductible" ya dola 3,000 maana yake wewe utalipa matibabu mpaka zifike 3,000 ndipo bima ianze kuchangia. Nimemwona mama mmoja aliyeamini hizo 3,000 zitatoka kwenye kodi. Tatu kwenye fomu ya kodi, ambako gharama ikiwa "deductible" maana yake inatolewa kwenye pato kabla pato halijatozwa kodi. Maana hizi tatu zinashiriki kitendo kimoja cha kutoa, lakini kinachotolewa, na mfukoni mwa nani, ni mambo matatu mbalimbali.

Kwa hiyo kwenye kodi situmii tena "makato", maana mtu atafikiria mshahara wake. Nasema "gharama inayopunguza pato". Kisha natoa mfano wa mamantilie. Ameuza chakula cha 10,000, mchele na mkaa vimemgharimu 6,000. Faida yake ni 4,000, na huyo mtoza kodi mwenye haki anamtoza kwenye 4,000. Hamrudishii 6,000. Anakubali tu kutoitoza. Baba Aline akakaa kimya, akaugusa mfuko. "Kwa hiyo dola 100 ya vitu haiwezi kurudi dola 100?" Hairudi. Kwa pato la nyongeza la mtu wa kipato chake, dola 100 za gharama halali ya biashara zinampunguzia mzigo kwa dola ishirini na kitu.

Kinachopunguza kodi yenyewe, dola kwa dola, kinaitwa "credit", na hapo kamusi inatupiga teke jingine kwa kutupa "mkopo". Niliwahi kumsikia mkalimani mwenzangu akimwambia mzee wa Kiislamu kwamba serikali itampa mkopo wa kodi kwa ajili ya watoto, na mzee akakataa kwa adabu kubwa, asiingie kwenye riba. Ni nafuu. Kwa mwaka 2025 nafuu ya mtoto ni hadi dola 2,200 kwa kila mtoto anayestahili wa chini ya miaka 17 mwenye namba ya hifadhi ya jamii. Aline anayo. Mdogo wake aliye kambini hahesabiwi kabisa, kwa sababu tegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Kumweleza baba kwamba mtoto wake hahesabiwi ni kazi ambayo hakuna aliyenifundisha. Nilisema "kwenye karatasi hii", nikarudia, "kwenye karatasi hii".

Baada ya hapo kupanga kulikuwa rahisi, maana tulijua tunatafuta nini. Mgeni kwa kawaida hupanga risiti kwa tarehe au kwa duka. Zipangwe kwa kazi iliyozizaa. Baba Aline ana kazi mbili. Mchana yuko ghalani, ameajiriwa, na anapewa W-2, karatasi ya mshahara wa mwaka. Mwaka 2025 ilisoma dola 31,000. Jioni, tangu Juni, anapeleka chakula majumbani kwa gari lake. Huko hajaajiriwa na mtu, yeye ndiye biashara, na karatasi yake ni 1099-NEC ya dola 9,400. Nikamwambia achukue risiti moja moja na kujibu swali moja: hii ni ya ghalani, ya chakula, au ya nyumbani?

Rundo la ghalani lilikuwa na viatu vyenye chuma mbele, glovu, fulana za joto. Yote ameyanunua kwa jasho lake ili afanye kazi ya watu. Na yote hayana pa kukaa. Tangu mwaka 2018 mwajiriwa wa kawaida hawezi kupunguza pato lake la kodi ya shirikisho kwa gharama za kazi alizojilipia. Angekuwa amevinunua viatu vile vile kwa ajili ya biashara yake mwenyewe, hesabu ingekuwa nyingine. Sioni haki yake, lakini ndivyo ilivyo.

Rundo la nyumbani lilikuwa kubwa zaidi: chakula, nguo za Aline, sadaka za kanisa, na mkanda mzima wa risiti za kutuma pesa, dola 200 kila mwezi. Hizi za kutuma ndizo alizozishika kwa mikono miwili. Pesa za mke na mtoto walio kambini hazipunguzi pato, hata senti. Ila sikumruhusu azitupe. Tuliziweka kwenye bahasha yake, juu tukaandika "Uhamiaji", kwa sababu miezi 12 mfululizo ya kumtumia mtu mmoja ni ushahidi mzuri wa ndoa iliyo hai. Sadaka nazo hazikumsaidia kwa 2025, maana zinahesabiwa kwa anayeorodhesha gharama zake moja moja na kuliacha punguzo la kawaida. Naye hawezi kufikisha orodha ya dola 23,625. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 mambo yanabadilika kidogo: hata asiyeorodhesha anaweza kupunguza hadi dola 1,000 za fedha taslimu, 2,000 kwa wanaojaza pamoja, alizotoa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa Marekani. Kwa hiyo mwaka huu aombe kanisa limpe barua ya jumla ya sadaka zake. Mchango wa ujenzi wa kanisa la Uvira haumo.

Likabaki rundo la chakula. Karibu lote ni petroli, risiti 62, jumla dola 1,740. Akatabasamu. Hapa angalau.

Mjaza fomu akamweleza, nami nikatafsiri nikijua ninachobeba. Gari la biashara linahesabiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni gharama halisi: unakusanya petroli, bima, matengenezo na uchakavu, kisha unachukua sehemu inayolingana na maili za kazi. Ya pili ni kiwango cha maili: kwa mwaka 2025, senti 70 kwa kila maili ya kazi, na ndani ya senti hizo petroli, oili, bima na uchakavu vimeshahesabiwa. Ukichagua ya pili, risiti za petroli hazina kazi. Na ukitaka kuwa na uhuru wa kuitumia kwa gari lako mwenyewe, lazima uitumie mwaka wa kwanza unapoliingiza gari hilo kazini. Kwa gari lake, petroli na bima na matengenezo ya miezi saba, kwa sehemu ya kazi tu, havikufika dola 2,000. Maili zingempa zaidi ya mara mbili.

"Basi maili," akasema. "Umeandika maili?" "Hapana."

Hapo ndipo wengi hukwama. "Schedule C", fomu ya anayejiajiri, ina sehemu ya nne inayohusu gari. Inauliza gari lilianza kazi lini, maili ngapi zilikuwa za biashara, ngapi za kwenda na kurudi kazini, ngapi nyingine. Kisha mstari 47a unauliza kama una ushahidi, na 47b kama ushahidi huo uko katika maandishi. Huwezi kuandika "nadhani". Kinachotakiwa ni kumbukumbu ya siku, maili, mahali na sababu, iliyoandikwa karibu na siku yenyewe.

Tukaanza kuijenga upya kwa vipande vilivyokuwepo. Programu ya kupeleka chakula kwenye simu yake ilikuwa na historia ya kila oda: tarehe, saa, na muhtasari wa mwaka wenye maili 6,400. Halafu ndani ya rundo la petroli nikaona karatasi mbili ndefu ambazo Baba Aline alikuwa ameziweka pembeni kama takataka, za kumwaga oili. Fundi wa huku huandika usomaji wa mita ya gari juu ya karatasi. Ya mwanzo wa Juni ilisoma maili 88,410, ya tarehe 20 Desemba ilisoma 101,730. Tofauti ni 13,320. Kama gharama, oili ile haikuwa na thamani. Kama ushahidi ilikuwa dhahabu, maana ilionyesha kwamba gari lilitembea vya kutosha kuzibeba zile 6,400, na bado zikabaki za ghalani, kanisani na sokoni. Kama mita ingeonyesha gari zima limetembea 7,000, ungejua kuna uongo mahali.

Yeye aliamini amefanya zaidi ya 6,400, na huenda ni kweli, kwa sababu programu ile haikuhesabu alipokuwa akizunguka kutafuta oda inayofuata. Lakini hakuwa na kitu cha kuonyesha, na maili za kutoka nyumbani kwenda eneo anakoanzia kazi huchukuliwa kama safari ya kwenda kazini, hazihesabiwi hata zikiandikwa. Tukabaki na zilizo na ushahidi. Maili 6,400 kwa senti 70 ni dola 4,480.

Yakaongezwa madogo. Ushuru wa madaraja ya Mto Ohio alipovuka kupeleka oda Indiana, dola 59. Huo unaruhusiwa juu ya kiwango cha maili, sawa na ada ya maegesho. Mfuko wa kutunza joto la chakula, dola 35. Simu: bili ya dola 45 kwa miezi saba ni 315, akakadiria kwa haki asilimia 40 ya matumizi ni ya kazi, dola 126. Jumla ndogo ni 220. Kwa hiyo 9,400 kutoa 4,480 kutoa 220, faida yake ni dola 4,700.

Faida hiyo inatozwa mara mbili, na mara ya kwanza, kabla ya kodi ya mapato, ndiyo inayowashtua watu. Anayejiajiri analipa mwenyewe mchango wa hifadhi ya jamii na wa matibabu ya uzeeni, pande zote mbili, ya mwajiri na ya mfanyakazi. Ni asilimia 15.3 ya asilimia 92.35 ya faida. Kwake ni kama dola 664. Bila ile kumbukumbu ya maili na yale madogo, ingekuwa 1,328. Nilimwonyesha namba hizo mbili kwenye skrini, akazisoma kwa kidole. Risiti 62 za petroli zilikuwa bado mkononi mwake.

Kuhusu kuzitunza, mengi niliyomwambia nimejifunza kwa kuharibikiwa. Risiti za mashine nyingi ni karatasi ya joto, isiyo na wino. Ukiiacha juu ya dashibodi kiangazi kimoja inakuwa nyeupe au nyeusi, na ukiipeleka kupigwa plastiki ile mashine ya moto inaimaliza. Basi piga picha siku ile ile. Kabla ya picha andika juu yake kwa kalamu ni ya nini, maana risiti ya dola 35 haisemi yenyewe kwamba kilikuwa mfuko wa chakula. Kama umenunua cha kazi na mkate wa nyumbani kwa pamoja, zungushia duara cha kazi. Taarifa ya benki peke yake inaonyesha pesa zilitoka, haionyeshi ulinunua nini. Na jina la picha lianze na mwaka, ili simu ikupangie yenyewe:

```
2026-02-14_mfuko-wa-chakula_35.00.jpg
```

Kisha bahasha chache, kila moja kwa mstari wa fomu: gari, vifaa, simu. Ya uhamiaji iko kivyake. Fomu ya 2025 ikijazwa Februari, inahesabiwa kana kwamba iliwasilishwa tarehe ya mwisho, 15 Aprili 2026, na kwa kawaida IRS wana miaka 3 ya kuikagua, yaani hadi Aprili 2029. Ukiwa umeacha kutaja mapato yanayozidi robo ya yale uliyoyaandika kwenye fomu, muda unakuwa miaka 6. Fomu zenyewe usizitupe kabisa. Zitatakiwa siku ya kuomba uraia.

Alitoka nje na daftari la shule la Aline, lenye kurasa kadhaa zilizobaki. Nilimsindikiza hadi kwenye maegesho. Akawasha gari, akapiga picha ya mita: 105,226. Akachora mistari minne kwa rula: siku, maili, wapi, kwa sababu gani.

"Dada, kutoka nyumbani kuja hapa kwa kodi, hii iko kazi?"

"Hapana, Baba Aline. Hiyo ni yako."

Akaandika: Februari 14, maili 6, maktaba, ya kwangu.